Kukata mche wa mlonge kwenye picha bila kupoteza vijiti na ncha za majani, kwa kutumia GIMP

Mtu akikuletea picha ya kiatu umtolee bakgraundi, hiyo ni kazi ya dakika tano, unazungushia mstari na umemaliza. Mlonge ni habari nyingine. Jani lake moja limegawanyika mara tatu, kila tawi dogo lina vijani vyake, kila kijani kina kijiti chake chembamba kama uzi, na katikati ya vyote hivyo kuna mapengo mamia ambayo lazima yatoke bila kugusa kilicho pembeni yake. Ukizungusha mstari kwa mkono utachoka kabla ya saa sita, ukibonyeza Fuzzy Select inakula vijiti vyote na kukuachia vijani vinaelea hewani kama havijashikwa na kitu. Hapa nitafuata kazi moja mwanzo mpaka mwisho, mche wa mlonge ndani ya kaveera nyeusi, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, mwenye kitalu wa kule Mukono anataka uwekwe juu ya bango la kijani kibichi kilichokolea, likachapishwe Nasser Road, Kampala. Nafanyia kwenye GIMP kwa sababu ni ya bure na ukishaidownload mara moja haikuli data tena.

Kwanza elewa kwa nini vijiti vinapotea

Hii sehemu usiiruke, kwa sababu kila namba nitakayokupa huko chini imetoka hapa.

Kila picha ya rangi ni picha tatu zimelaliana, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, hizo ndio chaneli. Jani linakula mwanga wa bluu na wa nyekundu (ndio chakula chake) na linarudisha kijani, ndio maana macho yanaliona kijani. Sasa ukiangalia chaneli ya bluu peke yake, majani yanakuwa meusi karibu kabisa na shuka nyeupe ya nyuma inabaki nyeupe, yaani kazi ya kutenganisha imeshafanywa nusu na mmea wenyewe. Chaneli ya nyekundu nayo inaonyesha jani likiwa jeusi, lakini ina shida moja kubwa, ncha ya jani ikianza kuwa njano, kwenye nyekundu inang'aa na inafanana na shuka, ila kwenye bluu inabaki nyeusi kwa sababu rangi ya njano haina bluu. Na ncha za majani ndizo zinaanza kukauka kabla ya kitu kingine, hasa kiangazi. Kwa hiyo tunashika bluu.

Sasa namba. Ngazi za mwanga zinaenda kutoka 0, ambayo ni nyeusi, mpaka 255, ambayo ni nyeupe. Kwenye chaneli ya bluu tuseme shuka yako iko 240 na jani liko 40. Kijiti kinachojaza pikseli nzima kitakuwa 40, sawa. Lakini kijiti chembamba kinachojaza nusu tu ya pikseli ungedhani kitakuwa katikati, 140, kumbe hapana, kinakuwa karibu 180, kwa sababu simu haiandiki mwanga moja kwa moja, inaukunja kufuata macho yetu yanavyoona. Na kijiti kinachojaza robo ya pikseli kinakuwa karibu 212. Yaani vijiti vyembamba na ncha kabisa za majani zinaishi kati ya 180 na 230, mlango wa pili na shuka. Mtu anayefungua Levels na kuvuta mshale wa nyeupe mpaka 170 ili bakgraundi iwe safi, amefuta vyote hivyo kwa mpigo mmoja, na kwenye skrini hata haoni kwa sababu picha ameitazama ikiwa imepunguzwa.

Kazi yote basi ni kulinda hilo eneo la kati ya 180 na 230, ukianzia kwenye kupiga picha.

Kupiga picha

Tundika shuka nyeupe isiyo na maua, mche uweke mbele yake kama mita moja na nusu. Huo umbali ni wa muhimu kwa sababu mche ukiwa karibu na shuka, kivuli cha majani kinaanguka juu ya shuka na kinashuka mpaka 200 au chini, na hapo kivuli na kijiti vina namba moja, hakuna programu itakayokutenganishia. Fanyia kivulini, upande wa nyumba ambao jua halipigi, au siku ya mawingu. Upepo ukitulia ndio piga, na asubuhi mapema ndio inafaa, mchana majani ya mlonge hayatulii hata kidogo.

Ukuta wa matofali usiutumie hata kama ndio uko karibu. Watu wanasema jani kijani juu ya tofali jekundu linaonekana vizuri, na kweli kwa macho linaonekana, lakini saruji katikati ya matofali ina mwanga wake, tofali lina wake, na shina la mlonge lenye rangi ya kijivu linafanana na ile saruji. Shuka ya kuazima kwa jirani inakuokolea saa nzima.

Kwenye simu zima portrait mode, ile inayofanya nyuma pawe na ukungu, kwa sababu simu inakisia mpaka wa mmea na huwa inakisia vibaya, vijiti vinaingia kwenye ukungu na havirudi. Zima na HDR, maana inaunganisha picha kadhaa na jani likisogea kidogo katikati unapata jani na mzimu wake. Usizumu kwa vidole, sogea kwa miguu. Mche ujaze fremu kutoka juu mpaka chini. Hesabu yake ni rahisi, picha ya simu nyingi ina pikseli 4000 kwa urefu, mche wa mita moja ukijaza fremu unapata pikseli 4 kwa kila milimita, kijiti cha nusu milimita kinapata pikseli 2, kinatosha. Mche ukijaza nusu tu ya fremu kijiti hichohicho kina pikseli 1, na ukiongeza ukungu kidogo wa lenzi tayari uko kwenye ile nusu na robo tuliyosema.

Kisha mwanga wa picha yenyewe. Gusa skrini kwenye shuka, halafu shusha au pandisha kale kajua mpaka shuka iwe nyeupe lakini bado unaona mikunjo yake. Mikunjo ikipotea kabisa umezidisha. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, shuka ikipata mwanga mara mbili ya ule kamera inaoweza kubeba, pikseli yenye kijiti nusu nayo inafika 255 na kuwa nyeupe kabisa, kijiti hakipo tena ndani ya faili, hata ufanye nini hakirudi. Kwa hiyo shuka ikae kama 235 mpaka 245. Bora picha iwe na giza kidogo kuliko kuzidi.

Ukimaliza, usisogeze simu, kama huna stendi ikalishe juu ya stuli na uiegemeze kwa tofali. Funga mwanga kwa kubonyeza skrini muda mrefu mpaka iandike AE/AF LOCK au kufuli ionekane, piga picha ya mche, kisha mtu aondoe mche na upige picha ya pili ya shuka tupu. Hiyo ya pili tutaihitaji sana.

Na kama picha zinakuja kwa WhatsApp, mwambie anayetuma atume kama Document, sio kama picha ya kawaida. Ikitumwa kama picha WhatsApp inaipunguza na kuikandamiza. Hata JPEG ya kawaida ya simu mara nyingi inahifadhi rangi kwa nusu ya vipimo vya mwanga, ndio maana ukizumu sana unaona mapengo madogo yamejaa ukungu wa kijani. Ukiikandamiza mara ya pili ule ukungu unafunika mapengo madogo kabisa. Ndio sababu pia tunakata ikiwa na ukubwa wake wote na kupunguza mwishoni, usipunguze kwanza eti kompyuta iende haraka.

Kusawazisha shuka

Fungua picha ya mche kwenye GIMP. Nenda File > Open as Layers na ufungue ile ya shuka tupu, itakaa juu ya mche. Ukiwa juu ya leya ya shuka fanya Filters > Blur > Gaussian Blur, weka 50 kote kuwili, mikunjo na nyuzi zinayeyuka na unabaki na mwanga mtupu wa shuka, pale palipong'aa na pale palipofifia. Sasa kwenye dirisha la Layers badilisha Mode ya hiyo leya kutoka Normal iwe Divide.

Utaona bakgraundi yote inakuwa nyeupe sawasawa, kona kwa kona. Kinachotokea ni kwamba kila pikseli ya chini inagawanywa kwa ile ya juu, na kitu kikigawanywa kwa chenyewe jibu ni moja, na moja hapa ni nyeupe kamili. Mche nao unang'aa kidogo, usijali, tutarudisha mwishoni. Halafu Layer > Merge Down, sasa una leya moja safi.

Thamani ya hatua hii ni hii, shuka ambayo kona moja ina 210 na katikati 245 haiwezi kukatwa na namba moja, kwa sababu ukitafuta namba ya kusafisha kona umeua ncha za katikati. Ikishakuwa sawa kote, namba moja inatosha picha nzima. Kama huna picha ya shuka tupu, labda mteja ameleta moja tu, utaendelea bila hatua hii, ila itabidi ukate kipande kwa kipande, juu peke yake, chini peke yake, kila kimoja na rangi yake ya shuka.

Pima kabla ya kuendelea. Fungua Windows > Dockable Dialogs > Pointer, chagua Pixel, pitisha mshale juu ya bakgraundi na uangalie namba ya tatu, ndio bluu. Iwe 248 mpaka 255 kila mahali. Kisha tafuta kijiti chembamba kabisa unachokiona, zumu 400%, soma bluu yake. Kwenye kazi hii ya mlonge vijiti vya juu kabisa vilisoma 220 na kitu, na ncha moja iliyokauka 225. Andika hizo namba kwenye karatasi, ndizo mpaka wako.

Leya mbili, moja ya ncha na moja ya kiini

Hakuna maski moja, yaani picha ya kijivu inayosema wapi paonekane na wapi pafichwe, inayoweza kufanya kazi zote mbili. Maski inayohifadhi kijiti cha 225 lazima iwe laini, na ikiwa laini hivyo katikati ya jani panakuwa na uwazi nusu, bango la nyuma linaonekana kupitia jani. Maski inayojaza katikati ya jani lazima iwe kali, na ikiwa kali inakata vijiti. Kwa hiyo tunafanya mbili na kuzilalisha. Duplicate leya yako mara mbili kwa Shift+Ctrl+D. Ya chini kabisa ni asili, ifiche kwa kubonyeza jicho, usiiguse tena. Ya kati ipe jina "ncha". Ya juu ipe jina "kiini".

Tuanze na ncha. Ficha kiini kwanza. Simama kwenye leya ya ncha, nenda Colors > Color to Alpha. Hiki chombo hakikati kwa mstari. Kinaangalia kila pikseli na kuuliza ina nyeupe kiasi gani ndani yake, kinaitoa hiyo nyeupe, na kubakiza rangi halisi ya jani ikiwa na uwazi wake. Ule utando mweupe unaozunguka majani ukiyaweka juu ya bango la giza haupo, kwa sababu weupe umetolewa ndani ya pikseli zenyewe. Watu wanautoa utando huo kwa kupunguza seleksheni pikseli moja ndani, Select > Shrink, na mmea wenye vijiti vya pikseli mbili ukiupunguza pikseli moja kila upande umebaki na nini? Sifuri.

Rangi ya kutoa weka nyeupe kamili kama ulifanya Divide, au kama hukufanya, tumia kile kidropa kilichopo ndani ya dirisha hilo na uguse bakgraundi karibu na majani, sio kwenye kona ya mbali. Kuna slaida mbili. Transparency threshold inasema kitu kilicho karibu na nyeupe kiasi hiki kitoke kabisa, na Opacity threshold inasema kitu kilicho mbali na nyeupe kiasi hiki kibaki kizima. Sasa rudi kwenye karatasi yako. Ncha ya 225 iko mbali na 255 kwa hatua 30, gawa kwa 255 unapata karibu 0.12. Kwa hiyo Transparency threshold lazima iwe chini ya hapo, na kwa usalama nusu yake au chini, mimi naweka 0.04 au 0.05, inatosha kumaliza vumbi la bakgraundi lisiloonekana. Jani lenyewe la 40 liko mbali kwa 0.84, basi Opacity threshold iweke 0.75 hivi. Ukiishusha sana, tuseme 0.3, unarudi kwenye maski kali na kingo zinakuwa za ngazi ngazi.

Bonyeza OK. Weka chini yake leya mpya ya rangi ile ya bango, uone. Vijiti vyote vipo lakini vimekonda, vingine kama moshi. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi kwenye Levels. Sababu yake ni ileile, pikseli iliyojazwa robo ilipaswa kuwa na uzito wa 0.25 lakini kwa jinsi namba zilivyokunjwa imepata 0.12 tu. Dawa ni ndogo na nzuri sana, duplicate leya ya ncha, basi. Nakala mbili zikilaliana, pikseli ya 0.12 inakuwa karibu 0.23, na ile iliyojaa inabaki imejaa, haiwezi kuzidi. Kijiti kinarudi kwenye unene wake wa kweli na kingo hazijapanuka hata pikseli moja. Kama imekuwa nzito kidogo, nakala ya juu ipe Opacity 50 au 60. Kama vumbi limeonekana kwenye mapengo, maana nakala inaongeza nguvu ya vumbi pia, rudi hatua moja uongeze Transparency threshold kutoka 0.04 mpaka 0.06, sio zaidi, huku ukiwa umezumu kwenye ile ncha yako ya 225 kuhakikisha bado ipo. Ikikubali, unganisha hizo nakala mbili kwa Layer > Merge Down.

Sasa kiini. Kiwashe tena na ufiche ncha. Duplicate leya ya kiini, hii nakala ni ya kutengenezea maski tu. Nenda Colors > Components > Mono Mixer, nyekundu weka 0, kijani 0, bluu 1. Una chaneli ya bluu kwa rangi ya kijivu. Halafu Colors > Levels, kwenye Input Levels andika 70 kushoto na 120 kulia. Kumbuka kijiti cha nusu ni karibu 180, kwa hiyo hapa tunavitupa vijiti kwa makusudi, vipo salama kwenye leya ya ncha, hapa tunataka nyama ya katikati ya jani peke yake. Halafu Colors > Invert, majani yawe meupe. Ctrl+A, Ctrl+C, ficha hiyo nakala. Simama kwenye leya ya kiini yenyewe, Layer > Mask > Add Layer Mask, chagua White, Add, kisha Ctrl+V na Ctrl+H ili ishikamane na maski.

Usishangae kiini peke yake kikionekana kimetafunwa, ndio inavyotakiwa. Kingo zake ziko ndani kidogo ya jani, kwa hiyo hazibebi weupe wowote. Ukiwasha ncha chini yake mche unakamilika.

Kuziba matundu

Sehemu za jani zilizokuwa zinaakisi anga zinang'aa, na kwenye bluu zinasoma 150 au 200, kwa hiyo kiini kimeziacha kama matundu na ncha imezifanya za uwazi nusu. Kwa mlonge si nyingi, jani lake halina mng'ao wa mafuta. Ingekuwa mchungwa au kahawa ungekaa hapa muda mrefu. Simama kwenye maski ya kiini, hakikisha ni maski imechaguliwa na sio picha, chukua Paintbrush, rangi nyeupe, Hardness karibu 75, brashi ndogo kuliko jani, na ujaze matundu ya katikati ya majani tu. Usifike ukingoni. Ukivuka ukingo utaona mara moja doa jeupe la shuka, geuza rangi kuwa nyeusi kwa X na ulifute.

Shina kuu la chini nalo lina rangi ya kijivu na litakuwa limetoboka, lijaze hivyohivyo. Kaveera nyeusi inang'aa upande wa mwanga na chini yake ina kivuli, hapo usisumbuke na chaneli, chukua Paths kwa herufi B, izungushie, Select > From Path, na ujaze nyeupe kwenye maski ya kiini. Kivuli kilichobaki kwenye leya ya ncha chini ya kaveera kifute kwa Eraser, na kama unataka kivuli, kichore kipya juu ya bango, cha kwenye picha hakifai.

Mambo ya mbali, kamba ya shuka, kona ya ukuta, yazungushie kwa Free Select mbali na mmea, uyafute kwenye leya ya ncha na uyajaze nyeusi kwenye maski ya kiini. Mbali kweli, usikaribie majani.

Kukagua

Tengeneza leya mbili za rangi chini ya kila kitu, moja nyeusi na moja nyeupe, uwe unaziwasha kwa zamu. Juu ya nyeusi tafuta utando mweupe na vijiti vilivyokatika. Juu ya nyeupe tafuta vumbi la kijivu ndani ya mapengo. Zumu iwe 100% na 200%, ukiangalia kwa 33% programu inachanganya pikseli na kukuficha makosa yote mawili.

Jani dogo likielea bila kijiti, washa leya ya asili uone kama kijiti kipo. Kama kipo na bluu yake ni chini ya 235, basi Transparency threshold ilikuwa kubwa, ukirudia leya ya ncha kitatokea. Kama kwenye asili pia ni 250 na kitu, kilikufa wakati wa kupiga picha, na hapo unachukua brashi ya pikseli 2, rangi ya kijiti cha jirani, unachora mstari mmoja kwenye leya mpya kufuata njia yake. Vitano au sita havidhuru. Vikiwa hamsini mwombe mteja apige picha upya, ni haraka kuliko kuchora.

Mapengo yenye ukungu wa kijani, yale ya JPEG, yapo ndani kabisa ya kichaka ambapo vijani vinabanana. Usiyasafishe kwa kifutio, utakula kingo. Chukua Dodge/Burn, lakini kwanza kwenye leya ya ncha ongeza maski, simama kwenye maski hiyo, chagua Burn, Range iwe Midtones, Exposure 15, na upake kidogo kidogo kwenye pengo. Maski nyeupe tupu haitakubali Midtones vizuri, kwa hiyo ukiongeza maski chagua Transfer layer's alpha channel badala ya White, hapo uwazi wenyewe unahamia kwenye maski na Burn inapata vijivu vya kufanyia kazi, ukungu hafifu unazama na kilicho cheupe kinabaki karibu kama kilivyo.

Hifadhi kama .xcf kila unapomaliza hatua, stima haipigi hodi. Mwisho rudisha mwanga wa mche kwa Colors > Curves kwenye ncha na kiini, kwenye picha yenyewe sio maski, kwa kiasi kilekile, maana Divide iliung'arisha, ukibadilisha moja tu majani yatakuwa na mpaka wa rangi mbili. Ficha asili, nakala ya kijivu, rangi ya bango na rangi za kukagulia, Image > Merge Visible Layers, halafu ndio Image > Scale Image kwa ukubwa wa bango, Interpolation chagua Cubic au NoHalo. Toa kwa File > Export As na jina liishie .png, JPEG haibebi uwazi, itajaza nyuma rangi na kazi yote imepotea. Kwa bango la A3 la kuchapa usipunguze kabisa, peleka pikseli zote ulizonazo na umwambie wa mashine asiipitishe WhatsApp, aichukue kwa flashi.